Kapsheni yenye ladha ya wimbo bila kuazima mstari

Ukiuza nguo au keki kwa Instagram hapa Nairobi, mstari wa wimbo chini ya picha huvutia haraka. Shida ni kwamba mstari huo una mwenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maneno ya wimbo hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Ile habari ya kwamba kuchukua maneno manane ya wimbo ni ruhusa haimo ndani ya sheria hiyo. Kinachoangaliwa ni kama umechukua sehemu kubwa au ya maana ya kazi, na wimbo wenyewe ni mfupi: kiitikio cha mistari miwili kinaweza kuwa ndiyo roho yake. Kumtaja msanii ni adabu, wala hakugeuki kibali. Kunukuu kidogo huku ukiuchambua wimbo wenyewe, na kumtaja mwenyewe, ni jambo jingine; sheria inalitambua. Picha ya viatu vya kuuzwa si uchambuzi.

Hisia haina mwenyewe, kwa hiyo chukua hiyo. Wengi hukosea hapa: wanabadilisha maneno mawili, au wanautafsiri mstari kwa Sheng. Kutafsiri nako ni haki ya mtunzi. Kipimo chepesi ni kumsomea mpenzi wa wimbo ule kapsheni yako. Akiumalizia kwa kuimba, bado umenukuu.

Tuseme wimbo unahusu mtu anayemngoja aliyeondoka, na picha yako ni ya vikombe viwili kwenye kibanda cha chai Gikomba. Ufunge wimbo kwanza. Andika hisia kwa maneno makavu: "nimengoja, hajaja." Kisha tazama picha utafute kitu kinachoonyesha muda umepita. Kikombe kimoja kimeisha. Kile kingine kimepoa hadi maziwa yakafanya utando. Wimbo haukuwa na chai, na hilo ndilo jema.

Sasa mdundo. Ladha ya wimbo kwa Kiswahili hutoka sana kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi, na vipande viwili vya nane nane sikio letu limevizoea tangu mashairi ya shule:

Kikombe changu ni tupu, chako chashika utando.

Hesabu kwa vidole: ki-ko-mbe-cha-ngu-ni-tu-pu, nane, cha-ko-cha-shi-ka-u-ta-ndo, nane. Ukiandika "lakini chako kimeshika utando" maana inabaki ila mdundo unakatika, na utausikia ukisoma kwa sauti. Vina si lazima. Ukianza kusaka neno la pili linaloishia na -ndo, utajikuta unaandika shairi zima na chai haijauzwa.

Bei na mahali viweke mstari wa chini. Instagram hukunja kapsheni ndefu, kwa hiyo mstari wenye mdundo uwe wa kwanza kabisa.