Nakisi si deni la taifa
"Wakuu, nakisi ya bajeti na deni la taifa si kitu kilekile? Na kwa nini serikali ikikopa sana riba ipande?"

Mkuu, nakisi ni pengo kati ya matumizi na mapato ya serikali kwa mwaka mmoja, Julai hadi Juni. Deni ni mrundikano wa mikopo ambayo haijalipwa, kwa hiyo nakisi ikipungua deni bado hukua.

Riba itazame kwenye mnada wa Benki Kuu wa dhamana za siku 364, yaani hati ambazo serikali huziuza ili kukopa. Wanunuzi hutaja bei kwa kila shilingi 100. Aliyelipa 92 hurudishiwa 100 siku hizo zikiisha, anavuna 8, kama asilimia 8.7. Serikali ikihitaji fedha nyingi, inalazimika kuwakubali hata waliotaja 88, yaani asilimia 13.6. Halafu dhamana za zamani zikiiva, hulipwa kwa mkopo mpya wa riba hiyohiyo ya juu. Na wewe mfanyabiashara wa Kariakoo, benki itakukopesha nafuu kuliko inavyoikopesha serikali? Thubutu!