Pawatila ya petroli au ya dizeli kwa ekari 4 za mpunga?

Swali: Mhandisi, mimi na familia yangu tunalima ekari 4 za mpunga bondeni, upande wa Ifakara, na ekari 2 za mahindi kwenye muinuko. Muuzaji mmoja ana pawatila ndogo, lile trekta la magurudumu mawili la kushikwa kwa mikono, ya petroli ya nguvu 7 za farasi, kwa bei nafuu. Mwingine ana ya dizeli ya nguvu 12, ila bei yake ni karibu mara tatu. Ile ndogo itatutosha? Na nitajuaje kama spea zake zitapatikana?

Jibu: Kwa mpunga, ile ndogo haitawatosha, na sababu kubwa si tofauti ya 7 na 12 iliyoandikwa kwenye tangazo. Injini ndogo ya petroli hutoa nguvu zake zote ikizunguka kwa kasi ya mizunguko kama 3,600 kwa dakika, ilhali dizeli ya silinda moja ya kulala, kama ile inayojulikana kwa jina la S195, hutoa zake kwa mizunguko 2,000 tu. Kwa hiyo msukumo wa kuzungusha shafti ya injini unaotoka kwenye dizeli hiyo ni takribani mara tatu ya ule wa petroli, na huo ndio unaohitajika visu vinapokutana na tope zito au shina la mpunga wa mwaka jana. Zaidi ya hayo, injini ndogo hupoozwa kwa hewa inayopita katikati ya mapezi ya chuma. Tope likirukia na kukaukia humo, joto hukosa pa kutokea na injini huanza kupoteza nguvu mchana kweupe. Mashine ya namna hiyo inafaa sana kwenye bustani ya mboga na kupalilia kati ya mistari, lakini si ndani ya jaruba.

Kabla ya kulipia ile ya dizeli, soma kibati kilichopigwa kwenye injini yenyewe, si stika ya rangi iliyobandikwa ubavuni. Nguvu huandikwa kwa kilowati, na ukizidisha kwa 1.36 unapata nguvu za farasi: kilowati 8.8 ni nguvu 12. Jina la injini nalo linasomeka, kwa kuwa katika S195 tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na 95 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Vivyo hivyo S1100 ina silinda moja ya milimita 100. Kwa hiyo muuzaji akikuambia nguvu 15 huku kibati kikionyesha kilowati 8.8, una sababu ya kurudi kwenye mazungumzo ya bei.

Uliza pia inapoozwaje. Baadhi ya injini hizi zina rejeta na feni, nyingine zina tanki la wazi ambamo maji huchemka na kupungua kwa mvuke, na hapo boya dogo jekundu huonyesha kiasi kilichobaki. Kwa aina hii ya pili mvuke si ugonjwa. Ugonjwa ni boya kuzama bila mwendeshaji kuliona. Maji yakiisha, injini izimwe na iachwe ipoe yenyewe, kwa sababu kumimina maji baridi kwenye chuma kilichoungua ndiko kunakopasua silinda hedi.

Sasa tupige hesabu ya kazi yenu. Rotaveta, yaani shafti ya visu vinavyozunguka nyuma ya mashine, ikiwa na upana wa sentimita 60 na ikienda kilomita 2 kwa saa, hufagia mita za mraba 1,200 kwa saa. Toa robo kwa ajili ya kugeuza pembeni na kurudia kingo, zinabaki 900. Ekari ina mita za mraba 4,047, hivyo ni kama saa 4 na nusu kwa mpito mmoja. Mpunga unataka mipito miwili, wa kulima na wa kuvuruga baada ya maji kuingia, kwa hiyo ekari 4 zitachukua kama saa 36, yaani siku 6 za saa 6 kila moja. Kwa dizeli ya lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, andaa lita 54 hadi 72. Hiyo ni kazi ambayo watu wawili wakipokezana wanaimaliza kabla miche haijapitiliza kitaluni.

Katika vifaa, nunua mashine pamoja na rotaveta na magurudumu ya chuma ya kukanyagia tope, kwa kuwa matairi ya mpira hujaa tope na kuteleza papo hapo. Plau iache kwanza. Kwenye muinuko wenu, udongo ukiwa mkavu, mashine hii ni nyepesi mno: magurudumu yatazunguka pale pale au plau itapanda juu. Mahindi limeni baada ya mvua za kwanza kulainisha ardhi, kwa rotaveta, mkijua kwamba inafika sentimita 10 hadi 15 tu. Tabaka gumu lililo chini ya hapo litataka trekta kubwa la kukodi.

Tela huonekana kama kifaa cha anasa lakini mara nyingi ndilo linaloingiza pesa miezi ambayo shamba limelala. Ila mwendeshaji afundishwe jambo moja kabla ya kubeba mzigo: kwenye mteremko, tela linapoisukuma mashine, kubana klachi ya kona ya kushoto huipeleka mashine kulia. Asiyelijua hilo huingia mtaroni akiwa anafanya kile kile kilichomfaa tambarare. Teremkeni kwa gia ndogo, na tela liwe na breki zake.

Kuhusu spea, gawanya mashine katika sehemu mbili. Injini za dizeli za aina hii huendesha pia mashine za kusaga na pampu za maji, hivyo nozeli, ringi za pistoni, gasketi na mikanda huenda tayari zipo madukani kwenu. Nenda kwa fundi wa mashine za kusaga, mtajie jina la injini, usikie anasemaje; jibu lake lina uzito kuliko la muuzaji. Sehemu ya pili ni giaboksi na rotaveta, ambazo kila kiwanda hutengeneza kwa vipimo vyake, na hapo ndipo wakala anapopimwa. Mwambie akuuzie siku hiyo hiyo seti moja ya visu, sili za oili za shafti ya rotaveta, na beringi zake. Akisema vitaagizwa, jua kwamba katikati ya msimu navyo vitaagizwa. Dhamana iwe ya maandishi na itaje nani atagharamia usafiri wa mashine ikiharibika, na ulizia kama aina hiyo imefanyiwa majaribio CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoko Arusha.

Nimezitaja sili kwa makusudi. Maji ya jaruba yakipenya, oili ya rotaveta hubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa, na beringi huliwa kimya kimya hadi zianze kulia. Kila baada ya siku chache za kuvuruga, legeza kidogo nati ya kumwagia oili, uone kinachotoka. Ukiona weupe, badilisha sili na oili jioni ile ile, kwa maana sili ni bei ndogo, na shafti iliyoliwa ni gharama kubwa.