Mahubiri ya ukame: usianze na dhambi ya jirani

«Jumapili ijayo nahubiri kuhusu ukame, hapa Chamwino. Nimechagua 1 Wafalme 18, niwaonyeshe dhambi iliyofunga mvua. Naomba ushauri wa somo, nyimbo na mpangilio wa sala.»

Mtumishi, ifunge hiyo sura ya 18 kabla haijakuponza. Niliwahi kuihubiri hivyohivyo, nikawaambia waumini wamtafute Ahabu wao, nao wakampata haraka kuliko nilivyotarajia: bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, ambaye tangu siku ile ndoo yake ilisukumwa nyuma ya foleni kisimani hadi akawa anachimba mchanga korongoni peke yake. Aliyenipa muhtasari ule alikuwa mhubiri mgeni mwenye gari na chupa za maji kwenye kiti cha nyuma; alituhakikishia kwamba «mahubiri ya ukame lazima yachome», kisha akaondoka kabla ya moshi. Mimi nilibaki nao, na msinicheke, maana hata mke wangu alikataa kuketi benchi la mbele.

Rudi sura ya 17. Kijito cha Kerithi kilikauka Eliya akiwa anakinywea, yeye aliyekuwa mtiifu. Ukame haukumkwepa nabii. Ndipo akaenda Sarepta, akamwomba maji mjane aliyebakiwa na konzi ya unga. Ukiongeza Mathayo 5:45, kwamba Mungu huwanyeshea wenye haki na wasio haki, hakuna atakayetoka ibadani akitafuta mchawi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikikatika Februari mtama ukichanua, hakuna vuli ya kutuokoa, na hilo halihitaji mkosaji.

Kanuni yangu ni moja: usishuke mimbarani kabla hujataja ndoo ya kwanza ni ya nani. Kaa kwanza na kamati ya maji, mpime kisima. Kikitoa lita 1,200 kabla ya kupumzika, na kaya ni 30, basi kila kaya inapata lita 40, yaani ndoo mbili za lita 20, kabla ya yeyote kurudi mara ya pili au kunywesha ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe mmoja anaweza kumaliza lita 30 kwa siku. Kaya ya watu wanane haitoshelezwi na ndoo mbili, hivyo kamati iamue hilo waziwazi badala ya kuwaachia wenye nguvu. Wasioweza kubeba, yaani wazee, wagonjwa na waliojifungua, wapangiwe vijana kwa majina, na zamu isomwe wakati wa matangazo, si kunong'onwa nje.

Ukishaisoma zamu, ndipo uombe mvua, na aliyetuhumiwa mtaani kwenu mketishe mbele, ukimtaja kwa heshima. Usiwaahidi siku ya kunyesha: mtumishi wa Eliya alitumwa kutazama baharini mara saba, na kanisa lililoahidiwa Jumatano litamtafuta Alhamisi aliyeizuia.