Mifuko ya taka yenye lebo
"Tukilipisha kwa mfuko wenye lebo, taka zitapungua kweli au watu watahamia kutupa mtaroni?"

Habari ndugu. Yote mawili hutokea. Korea Kusini wanauza mifuko maalumu nchi nzima tangu 1995, lakini vya kurejeleza huchukuliwa bila kulipia mfuko. Mtu ana pa kupunguzia.

Kwetu Manzese tulianza na mfuko peke yake. Nyumba moja ya wapangaji sita ikawa inanunua mfuko mmoja kwa wiki, nikafurahi. Mvua ya kwanza ikafukua maganda ya ndizi na pampasi mtaroni, nyuma ya choo chao. Kwa hiyo usihesabu mifuko iliyouzwa. Kagua kwanza mtaro, kabla ya kuanza na kila wiki baadaye: mauzo yakishuka huku mtaro ukijaa, taka zimehama tu.

Ningebakiza ada ndogo ambayo kila kaya inalipa hata isiponunua mfuko, lebo iwe ya kinachozidi. Mabaki ya jikoni, ndiyo uzito mkubwa wa ndoo zetu, yachukuliwe bure kwa ndoo yake. Na lebo ibebe namba ya chumba. Ikiwa ya nyumba nzima, kila mpangaji anamsubiri mwenzake anunue.