Mshahara umechelewa Urusi, fidia ya kila siku inahesabiwa vipi?

"Asalam aleikum. Sisi ni watu wa Malindi, mdogo wangu yuko Kazan anafanya kazi jikoni kwa hoteli. Mshahara wake wa tarehe 5 Juni 2025, rubli 40,000 mkononi, haukuingia. Tarehe 16 wakampa 15,000, zilizobaki 25,000 zikaingia tarehe 25. Hoteli yasema makampuni ya utalii yalikua hayajawalipa. Yeye kaskia kuna fidia ya kila siku, mwenzake mmoja kampigia hesabu ikaja 447, mwengine ikaja 1,074. Nani mkweli?"

Waaleikum salaam dada yangu. Wote wawili wamekosea, lakini kila mmoja kakosea pahala pake, na hesabu zao naziona zilikotoka manake mimi kazi yangu ni mishahara na nimekaa na mafaili ya Warusi sana. Haki yake ni rubli 894 na kopeki 67.

Huyu wa 447 katumia sheria ya zamani. Fidia hii iko kwa kifungu cha 236 cha Kanuni ya Kazi ya Urusi, na kabla ya Oktoba 2016 mwajiri alikua analipa sehemu moja ya 300 ya riba kuu ya Benki Kuu kwa kila siku. Tangu tarehe 3 Oktoba 2016 ni sehemu moja ya 150, yaani maradufu. Sasa huko mtandaoni bado kuna makala na vikokotoo vya zamani havijaguswa, mtu akiingiza namba zake apewa nusu ya haki yake na ashukuru. Ukiona jibu ni nusu kamili ya lile ulilolitarajia, jua 300 ndio imeingia hapo. Hesabu yenyewe ni hii:

```
fidia = deni x riba / 100 / 150 x siku
```

Huyu wa 1,074 yeye riba kaiweka sawa, alichosahau ni zile 15,000 za tarehe 16. Kakata hesabu ya 40,000 mpaka mwisho. Fidia inahesabiwa kwa kile ambacho bado hakijalipwa, kwahivyo deni likipungua na fidia ya siku inapungua.

Haya tuihesabu pamoja. Siku ya kwanza ya kuhesabu si ile tarehe 5 yenyewe, ni siku ya pili yake, tarehe 6. Na siku pesa ilipoingia nayo inahesabiwa, hapa ndipo wahasibu wa hoteli hupenda kujiibia siku moja, mtu hawezi kujua asipotia kalenda mbele yake. Alafu ni siku za kalenda zote, Jumamosi, Jumapili, hata tarehe 12 Juni ambayo kwao ni sikukuu ya taifa, hakuna inayorukwa. Na riba kuu nayo ilibadilika katikati: mpaka tarehe 8 Juni ilikua asilimia 21, kuanzia tarehe 9 Juni ikashuka asilimia 20. Kila kipande cha siku kinachukua riba iliyokua inatumika siku hizo, si ile ya leo wala ya siku ya kulipwa.

Kwahivyo tarehe 6 mpaka 8 ni siku tatu, deni 40,000 kwa asilimia 21 ni rubli 56 kwa siku, jumla 168. Tarehe 9 mpaka 16 ni siku nane, deni bado ni 40,000 (ile siku ya tarehe 16 yenyewe bado yabeba deni zima), kwa asilimia 20 ni 53.33 kwa siku, jumla 426.67. Kutoka tarehe 17 mpaka 25 ni siku tisa, deni limebaki 25,000, ni 33.33 kwa siku, jumla 300. Jumlisha vipande vyote vitatu upate 894.67. Hakuna riba juu ya riba, fidia ya jana haiingii kwa deni la leo.

Hiyo habari ya makampuni ya utalii kutolipa iwacheni hapo hapo, kifungu chenyewe chasema mwajiri alipa hata kama kosa si lake. Mwajiri hata hahitaji kuombwa, alitakiwa kuitia fidia pamoja na ule mshahara uliochelewa. Mwambie aitizame karatasi yake ya malipo ya mwezi ule, kama kuna mstari wa fidia ya kuchelewa basi alinganishe na 894.67, kama hakuna basi hawakumlipa. Kodi ya mapato haikatwi kwa fidia hii mradi ni kiwango cha sheria. Na wewe umefanya vizuri kuniambia ni 40,000 mkononi, manake hesabu hupigwa kwa kile alichotakiwa kukipokea baada ya kodi, ukianza na mshahara kabla ya kodi watakukatalia.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye mkataba wake ni tarehe ya malipo yenyewe. Kwao ni lazima mshahara utoke angalau kila nusu mwezi, kwahivyo atakua na tarehe mbili, na ikiangukia siku ya mapumziko pesa yatakiwa kutoka kabla yake, si Jumatatu inayofuata. Mfano tarehe 20 Julai 2025 ilikua Jumapili, basi kama advansi yake ni ya tarehe 20 ilitakiwa iingie Ijumaa tarehe 18, na kuchelewa kunaanza kuhesabiwa tarehe 19. Hapo watu wengi wapoteza siku mbili bila kujua.

Kubwa zaidi ni aina ya mkataba. Kuwa mgeni hakumuondoi, kifungu cha 236 kinamlinda Mkenya kama Mrusi, bora awe na mkataba wa kazi. Lakini kuna hoteli huwapa vijana mkataba wa kiraia, wa kutoa huduma, na huo hauingii hapa kabisa, huo utaangukia kifungu cha 395 cha Kanuni ya Kiraia ambacho ni riba kuu ya mwaka igawanywe kwa siku za mwaka. Kwa deni na siku zile zile angepata kama rubli 368 tu. Kwahivyo kabla ya kudai asome kichwa cha mkataba kwanza.

Namna ya kudai: aandike barua kwa mwajiri, nakala mbili, na hiyo yake ya kubaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, aambatanishe stetmenti ya benki yenye zile tarehe mbili za malipo na hesabu kama nilivyoiweka hapa. Wakikataa kuna inspekta wa kazi wa serikali, na korti pia, ambako mfanyakazi anayedai mshahara halipi ada ya kufungua kesi. Muda ni mwaka mmoja kutoka siku aliyotakiwa kulipwa. Huku kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 haina hesabu ya kila siku ya namna hii, riba mtu huipata akifika kortini, ndio maana naona watu wengi wa pwani hawaamini kama kitu hiki kipo mpaka wakione kwa karatasi ya malipo.

Kwa rubli 894 korti sidhani kama inafaa, mimi ningemwambia apeleke barua tu. Lakini kama hoteli imezoea kuchelewesha, aweke hesabu ya kila mwezi mahali pamoja aidai yote kwa barua moja.