Re: Mshale mrefu wa sekunde hautembei

"Saa yangu mpya mshale mrefu wa sekunde umesimama kwenye 12, na ile pete yenye namba 60, 80, 100 sijui inasomwaje."

Habari ndugu. Angalia kwanza kile kiduara kidogo chenye mshale wake. Kama unatembea, saa ni nzima. Sekunde za kawaida ziko pale. Mshale mrefu ni wa kronografu, yaani kipima muda, unasubiri ubonyeze.

Pete ni takimita, ya kupimia mwendo. Mimi huipima nikiwa abiria kwenye basi. Tukifika nguzo ya kilomita nabonyeza kitufe cha juu, nguzo inayofuata nabonyeza tena. Juzi mshale ulisimama sekunde ya 45, ukielekea 80 kwenye pete: kilomita 80 kwa saa. Ikizidi sekunde 60, pete haisomeki tena, mshale umeanza mzunguko wa pili.

Kurudisha, simamisha kwanza ndipo ubonyeze kitufe cha chini. Usikibonyeze mshale ukitembea, hasa saa isiyo ya betri. Mshale usiporudi sawasawa kwenye 12, vipimo vyote vitakudanganya. Kwenye saa nyingi za betri unavuta kile kifundo cha kurekebishia majira, kisha unausogeza kwa vitufe mpaka ukae.