Ombi la dola 380, siku 11: muda unapotelea wapi?

Swali: "Hapa bironi kwetu Lubumbashi, ombi dogo tu la kununua vitu linachukua wiki mbili na zaidi. Kila mkubwa anasema yeye anasaini palepale. Nitajuaje linakwama wapi?"

Ndugu, wakubwa wako wanasema kweli. Kusaini ni dakika chache. Kinachokula siku ni dosye kulala mezani kabla ya kuguswa, na tarehe iliyo kando ya saini haikuambii hilo, maana inaonyesha siku iliposainiwa, si siku ilipofika.

Bana kikaratasi mbele ya kila dosye mpya. Kila meza ijaze mambo manne: ilifika saa ngapi, ilianza kushughulikiwa saa ngapi, ilitoka saa ngapi, na kama ilirudishwa, kwa kosa gani. Saa ya kufika iandikwe na anayeleta, si anayepokea. Ukimwachia anayepokea, ataandika saa aliyoifungua, na muda wa kungoja utapotea usiuone. Dosye 20 zinatosha kukuonyesha njia.

Tuchukue ombi la katriji za printa za dola 380. Kujaza fomu dakika 15, mkuu wa idara 5, mtu wa lojistiki kutafuta profoma tatu mjini saa 2, mhasibu kuangalia bajeti 10, mkuu wa utawala 5, mkaguzi 15, mkurugenzi 5, keshia kutoa pesa dakika 20. Jumla ni dakika 195, yaani saa 3 na robo. Kama dosye ilikaa siku 11 za kazi zenye saa 8, hizo ni saa 88. Kazi yenyewe haifiki hata asilimia 4. Iliyobaki ni kungoja. Ukitaka kuhakiki vipimo vyako, hesabu dosye zote zilizo njiani leo, ugawe kwa zinazomalizika kwa siku: 44 kwa 4 ni siku 11. Namba mbili zikipishana sana, kuna dosye zimefichwa kwenye droo fulani.

Kungoja kwingi kunatokana na kusaini kwa mafungu. Mkurugenzi akisaini Jumanne na Ijumaa tu, dosye inayofika Jumanne jioni inalala siku tatu kwa ajili ya dakika tano. Akiwa Kolwezi, inalala wiki. Hapo dawa si kumsihi aharakishe. Apange nusu saa ya kusaini kila siku, na awepo mtu aliyeandikiwa barua ya kumwakilisha, yenye kikomo cha kiasi.

Kurudishwa ndiko kunakouma zaidi, kwa sababu dosye iliyorudi inaanza foleni upya kwenye kila meza. Fikiria meza sita, kila moja ikipitisha dosye 90 kati ya 100 bila kurudisha: 0.9 ikizidishwa yenyewe kwa meza zote sita ni 0.53, maana yake karibu nusu ya dosye zinarudi walau mara moja, ingawa hakuna meza inayoonekana mbovu. Soma sababu kwenye vikaratasi. Mara nyingi ni zilezile: namba ya mstari wa bajeti haipo, profoma imepita muda wake, au bei ni ya faranga bila kiwango cha kubadilishia dola. Tazama pia mpangilio. Katika mfano wetu bajeti inaangaliwa baada ya profoma. Pesa zikiwa zimekwisha kwenye mstari ule, saa 2 za kuzunguka mjini zimepotea bure. Mhasibu atangulie, na orodha ya namba za bajeti ichapwe nyuma ya fomu.

Sasa ukaguzi wa mara mbili. Muulize kila anayesaini, peke yake: "Unaangalia nini hasa, na kikikosekana unarudisha?" Utakuta mkuu wa utawala, mkaguzi na mkurugenzi wote wanajumlisha upya profoma ileile, au hakuna anayejumlisha kwa sababu kila mmoja anamtegemea mwenzake. Hiyo ya pili ni hatari kuliko kuchelewa. Mpe mmoja hesabu, mwingine ulinganisho wa bei, na uandike hivyo kwenye fomu kando ya nafasi ya saini.

Lakini usifute saini kwa sababu tu haijawahi kurudisha dosye. Anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa lazima wabaki watu tofauti; hilo linazuia wizi hata pasipokutwa kosa. Na ukiweka kikomo, tuseme chini ya dola 500 dosye haipandi kwa mkurugenzi, kuna watakaoligawa ombi la dola 900 kuwa mawili. Kila mwisho wa mwezi jumlisha malipo kwa kila muuzaji na kila idara, uwekee alama faktira zilizofuatana siku chache kwa muuzaji mmoja, na orodha hiyo ndiyo mkurugenzi aisome na kuisaini.